Naandikaje barua ya kumwita mzazi bila kumtia presha wala kumponza mtoto?

Shangazi shikamoo,

Mi ni mwalimu wa darasa la nne. Nina mtoto mmoja wa kiume, kusoma kunamshinda kabisa. Neno fupi analisoma, likiwa refu anasimama au anabuni tu. Kwa dakika moja anasoma maneno 20 hivi wakati wenzake wengi wanapita 60. Lakini nikisoma hadithi mimi, akisikiliza, maswali anajibu vizuri kuliko wengi, na hesabu za namba yuko fresh. Mwalimu mkuu kaniambia nimwandikie mzazi aje. Barua tunayotumia shuleni ni ile ya zamani: "Unatakiwa kufika shuleni bila kukosa kuhusu maendeleo mabaya ya mwanao." Muhula uliopita niliituma hiyohiyo kwa mzazi mwingine, akaja anafoka mlangoni watoto wote wanasikia, na mtoto wake alikuja kesho yake ana alama za fimbo. Sitaki yajirudie. Huyu mama wa sasa namjua kidogo, ni mtu wa kimya na nahisi ana aibu akija shuleni. Nimekaa na karatasi tupu siku mbili, nisaidie niandike nini, na niiache nini?

Mwalimu wa darasa la nne

*

Marahaba mwalimu wangu.

Kabla ya maneno tukubaliane hiyo barua kazi yake ni nini, maana hapo ndo walimu wengi tunapotea. Barua kazi yake ni moja tu, mama aje akiwa ametulia na akiwa na kitu cha kusema. Basi. Kueleza tatizo lote, kutafuta chanzo, kupanga cha kufanya, hayo yote ni ya kikao. Ukijaribu kuyamaliza kwenye karatasi utaandika kurasa mbili zinazosomwa na mtu yuko peke yake nyumbani, hana wa kumuuliza, na kila sentensi anaisoma kwa sauti ya ukali hata kama we uliiandika unatabasamu.

Ila usiende upande wa pili nao. Kuna walimu wanaogopa kuumiza, wanaandika "tunaomba ufike kuna jambo muhimu kuhusu mwanao" wanafunga bahasha. Hiyo inatisha kuliko ile ya zamani! Mzazi akisoma hivyo anawaza wizi, anawaza mimba, anawaza kufukuzwa, na mtoto anabanwa usiku kucha aseme kafanya nini, na yeye hajui, na akisema hajui anaonekana mwongo. Kwa hiyo sababu itajwe, mapema, kwenye sentensi ya pili au ya tatu, na itajwe ndogo kama ilivyo. Kwako sababu ni kusoma. Usiandike maendeleo, maana maendeleo ni kila kitu, nidhamu, usafi, mahudhurio, mzazi hajui ashike lipi. Andika kusoma. Alafu hapohapo sema hakuna kosa la nidhamu, maana hilo ndilo swali la kwanza kichwani kwa mzazi yeyote aliyeitwa shule.

Sasa namna ya kulieleza tatizo lenyewe. Hapa mwalimu unayo mali na sijui kama umeiona. Umeniambia akisoma mwenyewe anakwama ila akisomewa anaelewa na kujibu. Hiyo tofauti ni habari kubwa. Mtoto ambaye hata akisomewa haelewi, hapo unaanza kuwaza mengine, labda lugha ya darasani siyo anayoongea nyumbani, labda masikio, labda msamiati. Huyu wako uelewa upo, kinachokwama ni kuzigeuza herufi kuwa sauti na kuziunga haraka. Na kwa Kiswahili ambacho silabi zinasomeka kama zilivyoandikwa, mtoto wa hivi mara nyingi hakosei sana maneno mafupi, anachoonyesha ni uzito, anaenda taratibu mno, akifika neno la silabi tano sita kama "walipomwambia" anachukua "wali" mwanzo alafu anamalizia kwa kubuni. Ukiyaandika hayo ulivyoyaona kwa macho yako, mzazi hana cha kubishana, maana hukumhukumu mtu. Ukiandika "ni mzito", "hajitumi", "hana bidii", hapo umeshatoa hukumu, na mama anaijibu hukumu badala ya kujibu tatizo.

Na jina la ugonjwa au ulemavu usiliandike kabisa. Hata kama umesoma mahali kuhusu watoto wenye shida ya kusoma na unaona dalili zote zinamlingana. Mwalimu hapimi, mwalimu anaona na kueleza. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuanguka kusoma kwa sababu haoni ubaoni vizuri, au sikio moja halisikii, au alikosa shule muda mrefu darasa la kwanza pale silabi zinapofundishwa, na kwenye daftari yote haya yanafanana. Ukishaweka jina kwenye barua ya shule, hilo jina linatembea, linafika kwa majirani, na mtoto analibeba hata likija kuonekana siyo.

Hizo namba zako, 20 na 60. Ni nzuri, ziweke, ila kwenye faili lako. Kwenye barua zisiingie. Mtu akisoma mwanawe yuko theluthi ya wenzake anaona aibu tu, hajui 60 ni nyingi au kidogo, hajui ulipimaje. Kwenye kikao akiuliza mwenyewe "kwani wenzake wakoje?" mjibu kweli bila kuficha. Na kabla hujamwita mpime tena siku nyingine, asubuhi, pembeni asisikie mtu, kifungu kingine cha ugumu uleule, dakika moja, uhesabu maneno aliyosoma sawa. Kipimo cha siku moja kinaweza kuwa njaa au usingizi. Zikikaribiana siku zote mbili, una kitu cha kusimamia.

Nimekuandikia barua yenyewe, jaza mapengo:

"Mzazi/Mlezi wa ............,

Habari za nyumbani.

Mimi ni mwalimu wa darasa wa ............ Nakuandikia kukuomba tukutane tuzungumze kuhusu kusoma kwake. Hakuna kosa la nidhamu alilofanya.

Ninaposoma hadithi darasani anasikiliza vizuri na kujibu maswali yake, na hesabu za namba anazifanya vizuri pia. Anaposoma mwenyewe, maneno mafupi anayapata, lakini akifika kwenye neno refu husimama au hulikisia kwa kuangalia herufi za mwanzo. Kwa sababu hiyo huwa hamalizi kazi zenye kusoma kwingi. Nimeliona hili kwa wiki kadhaa sasa.

Wewe umemlea na unamfahamu kuliko sisi. Ningependa kusikia kutoka kwako anavyosoma akiwa nyumbani, kama umeona dalili yoyote ya kutoona au kutosikia vizuri, na jambo lingine lolote ambalo ungependa tulijue. Mimi nitakuonyesha madaftari yake, kisha tupange pamoja pa kuanzia.

Mazungumzo yatachukua kama nusu saa, katika ofisi ya mwalimu wa taaluma. Tutakuwa watatu: wewe, mimi na mwalimu wa taaluma. Unaweza kuja Jumanne saa 9 alasiri au Alhamisi saa 1 na nusu asubuhi. Kama siku hizo hazikufai, nipigie au nitumie ujumbe kwa namba ............ tupange nyingine, au tuzungumze kwa simu. Kama kuna mtu mwingine anayemlea pamoja nawe, karibu uje naye.

............ anajua kwamba nimekuandikia, na nimemweleza kwamba ni kwa ajili ya kumsaidia.

Wako,
............, mwalimu wa darasa"

Ukurasa mmoja tu, usizidi hapo.

Angalia nilivyopanga mazuri yake na shida yake. Wengi wamefundishwa waanze na sifa, basi wanaandika "mwanao ni mtoto mzuri mwenye adabu, LAKINI". Mzazi akifika kwenye lakini anafuta zile sifa zote, anaona zilikuwa za kumlainisha. Sifa ya kweli ni ile inayosaidia kuelewa tatizo. Kwamba anasikiliza na kujibu, hiyo siyo pambo, ndiyo inayomwambia mama kuwa kichwa cha mwanawe kinafanya kazi na shida iko sehemu moja. Kwa mama wa aina unayonielezea, hiyo sentensi moja inaweza kumtoa kwenye hofu aliyokaa nayo muda mrefu bila kumwambia mtu.

Alafu ile ya mwisho, kwamba mtoto anajua. Najua baada ya yaliyotokea ungetaka kuandika wazi "tafadhali usimchape". Nakuelewa kabisa, lakini kwa barua usifanye hivyo. Mzazi ambaye hajawahi kumgusa mwanawe anasoma umemshtaki, na mzazi mwenye mkono mwepesi anasoma umempangia namna ya kulea, na wote wawili wanakuja wamefura. Sentensi ya kusema mtoto anajua na ameelezwa inafanya kazi hiyohiyo kwa mlango mwingine, inamwambia mzazi mtoto hajaficha kitu na shule haijakasirika, kwa hiyo hakuna cha kuadhibu. Ila iwe kweli! Mwite mtoto kabla ya barua kutoka, mkae wawili, mwambie "nimeona maneno marefu yanakusumbua, nataka mimi na mama tukusaidie, huna kosa". Akuulize anachotaka. Ukiona anaogopa kupita kiasi, analia, anaomba usitume, usimpuuze na usimwahidi kuficha. Hapo barua haitoki siku hiyo, unaenda kwa mwalimu mkuu na mwalimu wa malezi kwanza, na mama anapigiwa simu badala ya mtoto kubebeshwa karatasi. Na yule wa muhula uliopita mwenye alama za fimbo, kama hukuripoti, ripoti sasa kwa mwalimu wa malezi, hilo lina utaratibu wake na barua nzuri haiwezi kuliponya.

Kuhusu kuifikisha. Bahasha ifungwe, jina la mzazi juu, na isiandikwe kitu kingine nje. Usiigawe mbele ya darasa, mpe wakati wa kutoka. Usithubutu kuitaja kwenye grupu la Wasapu la wazazi, hata kwa kusema tu "mama fulani naomba unicheki". Watu wanajumlisha. Na umesema huyu mama ana aibu akija shule, sasa nikuulize kitu, una uhakika anasoma vizuri yeye mwenyewe? Sisemi hasomi. Nasema watu wazima wengi waliosumbuliwa na kusoma utotoni wanaikwepa shule mpaka uzeeni, na shida ya kusoma huwa inatembea kwenye familia. Kama kuna uwezekano huo, barua atasomewa na nani? Na mtoto huyuhuyu asiyeweza? Na jirani? Kwa hiyo pigia simu kwanza, dakika tatu, uyaseme yale yale ya kwenye barua kwa mdomo, kisha umwambie "nitakutumia na karatasi ya kukukumbusha siku." Hapo hata kama hasomi hajaaibika, na barua imekuwa kumbukumbu tu.

Siku mbili za kuchagua usiziondoe hata mwalimu mkuu akikwambia mzazi ndiye afuate ratiba ya shule. Tofauti kati ya kuitwa na kukaribishwa mzazi anaiona hapo kwenye muda kuliko kwenye "tafadhali" zote utakazopanga. Mtu anayelipwa kwa siku akiambiwa saa 4 asubuhi Jumatatu bila kukosa, umemwambia achague kati ya kibarua na mtoto. Na kutaja watu watakaokuwepo pia kuna maana yake, anajua anakutana na nani. Sasa usije ukaongeza watu siku ya siku! Mama akifungua mlango akute walimu watano na mwenyekiti wa kamati, ile barua yote imeshakuwa uongo. Na mtoto mwenyewe asiwe ndani mwanzoni, muite dakika tano za mwisho asikie mlichokubaliana.

Asipojibu je? Subiri kama wiki hivi, alafu ujumbe mfupi, bila kulaumu: "Habari mama ............, nilikuandikia kuhusu kusoma kwa ............ Sina uhakika kama barua ilikufikia. Naweza kukupigia saa ngapi?" Ile ya kumrudisha mtoto nyumbani mpaka mzazi aje usiitumie kwa jambo kama hili. Mtoto aliyebaki nyuma kwa kusoma unamnyima siku za kusoma ili umshinikize mama, unaona mwenyewe haiendi.

Na wazazi wakiwa wametengana, uliza ofisini kwenye fomu ya usajili nani mlezi anayetambulika kabla ya kuandika jina, usifuate maneno ya mtaani. Kama wote wawili wanatambulika kila mmoja apate nakala yake ileile, usimfanye mtoto awe mpeleka habari kati yao.

Kwenye kikao chenyewe nakuachia kidogo tu kwa sababu umeuliza barua. Weka madaftari mezani, kaeni upande mmoja na siyo yeye kule na nyie huku. Anza na maswali uliyoahidi kwenye barua, umuache aongee kwanza na usimkatishe. Swali la macho na masikio liulize kwa mambo ya kawaida, anakaa karibu sana na tivii? ukimwita kwa nyuma anageuka? anaumwa kichwa akisoma? alianza kuongea sawa na wenzake? kuna ndugu aliyepata shida kama hii? Akikwambia ndiyo kwa lolote la macho au masikio, hatua ya kwanza ni kupimwa hayo kituo cha afya kabla ya kingine chochote. Wakati hayo yanasubiriwa, kwa upande wako kuna kazi unaweza kuanza keshoyake, dakika 10 kila siku pembeni za kukata maneno marefu kwa silabi, wa-li-po-mwa-mbi-a, anaweka kidole chini ya kila silabi, anaunga mbili, anaunga tatu, mpaka neno zima, alafu neno hilohilo analikuta kwenye sentensi. Usimsomeshe kwa sauti mbele ya darasa bila yeye kutaka. Mtihani wa sayansi au maarifa ya jamii, kama utaratibu wa shule unaruhusu, asomewe maswali, maana hapo unapima sayansi hupimi kusoma.

Na nyumbani usimpe mama mzigo asioweza. Ukimwambia "msomeshe kila jioni" na yeye hasomi vizuri, hatakwambia, atasema sawa na hatarudi tena. Mpe uchaguzi: mtoto amsomee yeye ukurasa mmoja mfupi, au amsimulie hadithi iliyosomwa darasani, au ndugu mkubwa akae naye. Yeye aseme lipi linawezekana.

Mkimaliza andika mlichokubaliana mistari mitatu minne, nani anafanya nini mpaka lini, umsomee kwa sauti, mkubaliane, kila mtu abaki na nakala. Pangeni na siku ya kuonana tena hapohapo, wiki sita zinatosha kuona kama kuna kinachosogea. Siku hiyo umpime mtoto dakika moja kama ulivyompima mwanzo. Zikipanda hata kidogo mwonyeshe mama namba ya mwanawe ya zamani na ya sasa, hizo mbili tu, bila za wenzake. Zisiposogea kabisa na macho na masikio yameonekana mazima, hapo ndo mwambie mwalimu mkuu muombe mtaalamu wa elimu maalumu amwone, na mama aelezwe hivyo na wewe mwenyewe ana kwa ana, siyo kwa barua nyingine.

Shangazi